Kwa nini mkunjo wa kengele unageukia μ − σ na μ + σ

Swali: Wakuu, notisi zinasema mkunjo wa mgawanyo wa kawaida una nukta mbili za mgeuko, kila moja ikiwa σ moja kutoka kwenye wastani. Nikitafuta derivativu ya pili napata msitu wa herufi. Halafu kwenye y = e^(−x²) jibu la nyuma ya kitabu ni 0.707, si 1. Naomba hatua.

Jibu:

Msitu huo unatokana na kubeba 1/(σ√(2π)) kutoka mstari hadi mstari. Hiyo ni namba tu, haina x ndani yake. Iite C, uiache ilale:

```
f(x) = C · e^(−(x−μ)²/(2σ²))
```

Derivativu ya kipeo peke yake ni −(x−μ)/σ², kwa kuwa 2 inayoshuka kutoka kwenye mraba inakatana na 2 iliyo chini. Kwa kanuni ya mnyororo, unazidisha hicho na f(x) yenyewe:

```
f'(x) = −(x−μ)/σ² · f(x)
```

Hapa ndipo penye ufundi wote: usiifungue tena f(x). Iache hivyo hivyo kama herufi. Sasa una zao la vitu viwili vyenye x, basi tumia kanuni ya zao, na kila ukikutana na f'(x) weka kile ulichokipata juu:

```
f''(x) = −1/σ² · f(x) − (x−μ)/σ² · f'(x)
       = −1/σ² · f(x) + (x−μ)²/σ⁴ · f(x)
       = f(x)/σ⁴ · [ (x−μ)² − σ² ]
```

f(x) haiwi sifuri popote, hata mkiani kabisa, na σ⁴ ni chanya. Kinachobaki kuamua ni mabano tu. Yanakuwa sifuri pale (x−μ)² = σ², yaani x = μ − σ au x = μ + σ.

Wengi huishia hapo, na msahihishaji makini atakata alama, kwa sababu derivativu ya pili kuwa sifuri hakutoshi. Chukua x⁴: derivativu yake ya pili ni sifuri pale x = 0, lakini hakuna mgeuko wowote, mkunjo unabaki umefunguka juu pande zote mbili. Lazima uonyeshe alama inabadilika. Kwetu ni rahisi: ukiwa ndani ya μ ± σ, (x−μ)² ni ndogo kuliko σ², mabano ni hasi, mkunjo umeinamia chini kama kuba. Ukitoka nje, mabano ni chanya, mkunjo unafunguka juu. Alama inageuka kila upande, kwa hiyo nukta zote mbili ni za kweli. Mtu anayeendesha gari juu ya mstari huo uliochorwa chini, akitoka kushoto, angekata usukani kushoto, kisha kulia akizunguka kilele, kisha kushoto tena. Nukta za mgeuko ni mahali ambapo usukani umenyooka.

Kosa ninaloliona mno ni kuangusha kipande cha kwanza cha kanuni ya zao. Ukikiangusha unabaki na (x−μ)²/σ⁴ · f(x), ambayo ni sifuri kwenye μ peke yake. Ukipata jibu la namna hiyo jua kuna kitu kimepotea, kwani kwenye μ ndipo kilele kilipo, na kilele cha kengele hakiwezi kuwa na derivativu ya pili sifuri.

Sasa e^(−x²). Hakuna kanuni iliyovunjika, ni σ iliyosomwa vibaya. Linganisha x² na x²/(2σ²): 2σ² = 1, hivyo σ² = 0.5 na σ = 0.707. Jibu la kitabu ndiyo σ yenyewe. Mtego huo huo uko kwenye e^(−(x−3)²/8). Nane siyo σ², ni 2σ², kwa hiyo σ = 2 na nukta ziko 1 na 5. Aliyeichukua 8 kama σ² atapata 2.83 na kukosa zote mbili.

Tuweke namba. Wastani 60, σ = 8. Kilele ni 0.3989/8 = 0.0499. Nukta za mgeuko ziko 52 na 68, na urefu wa hapo ni kilele mara e^(−1/2), yaani asilimia 60.65 ya kilele: 0.0302. Asilimia hiyo haitegemei μ wala σ. Ukitaka kuhakiki kwa jedwali la kompyuta, andika x kwenye safu A kwa hatua ya 1, kisha kwenye B:

```
=NORM.DIST(A2,60,8,FALSE)
```

na kwenye C, kuanzia mstari wa tatu:

```
=B4-2*B3+B2
```

Safu C ni makadirio ya derivativu ya pili. Kwenye 67 utaona kama −0.000125, kwenye 69 kama +0.00011, na kwenye 68 kitu cha karibu −0.000001. Hakiwi sifuri kamili kwa sababu hatua ya 1 si ndogo bila kikomo. Usizungushe safu B hadi desimali nne kabla ya kutoa, maana tofauti unazozitafuta zina ukubwa wa 0.0001 na utabaki na takataka.

Kwa kuchora kwa mkono, kuna jambo zuri zaidi. Kwenye nukta ya mgeuko mteremko ni urefu wa hapo ukigawanywa kwa σ, basi tanjenti ya pale inagonga mhimili wa x σ moja mbele: ile ya 68 inagonga 76, ile ya 52 inagonga 44, yaani μ ± 2σ. Weka kilele, weka nukta mbili kwenye 0.61 ya urefu, chora tanjenti hizo kwa penseli, na kengele itakaa sawa bila kubahatisha.

Kinyume chake, kusoma σ kutoka kwenye mchoro uliokwisha chorwa, usitafute mgeuko kwa jicho. Mkunjo wenye kilele cha sentimita 10 unaachana na tanjenti yake kwa takriban milimita 0.3 tu ukifika 66 au 70. Jicho halitajua mgeuko uko wapi kati ya hapo. Pima upana kwenye 0.607 ya kilele na ugawe kwa 2. Ukiona nusu ya kilele ni rahisi kupima, sawa, ila hapo gawanya kwa 2.355. Anayegawa upana wa nusu kwa 2 anapata 9.4 badala ya 8.

Na hii ya σ moja ni ya mgawanyo wa kawaida, si ya kila kitu chenye umbo la kengele. Mgawanyo wa lojistiki, kwa mfano, una kengele inayofanana sana kwa macho, lakini nukta zake za mgeuko ziko kama 0.73σ kutoka kwenye wastani.