Utue kwanza, ndipo uruke: maswali ya walimu wa sarakasi za mwanzo

Maswali haya yameletwa na walimu wa mazoezi ya viungo wa Lamu na Malindi, na mengi yanahusu wiki nne za kwanza, kabla mtoto hajafundishwa pindu lolote. Nimeanza na swali ambalo kila mwaka huulizwa na watu wengi kuliko mengine.

Mwalimu, wanafunzi wangu wakiruka hutua kwa kishindo na magoti yanagongana. Kila siku nawaambia "kunja magoti" na hawabadiliki. Nifanyeje? (Mwalimu wa gredi ya 5, Malindi)

Neno lenyewe, "kunja magoti", ndilo linalokuponza. Mtoto akilisikia hukunja magoti peke yake, nyonga zinabaki palepale, na goti lisilosaidiwa na nyonga hukimbilia ndani. Mwambie "kaa nyuma kama unatafuta kigoda", na magoti yatajikunja yenyewe. Kisha mwambie magoti yatazame kule vidole vya miguu vinakotazama.

Nilikuwa na msichana wa miaka 11 ambaye magoti yake yaligusana kila alipotua. Sikumwambia aruke tena. Nilimchorea nyayo mbili kwa chaki, upana wa nyonga, nikamsimamisha juu yake akae mkao wa kutua bila kuruka: visigino chini, magoti yamekunjika, makalio yamerudi nyuma kidogo, kifua kimeinama mbele, mikono mbele, macho mbele. Alikaa hivyo nikihesabu hadi tatu, mara tano. Siku ya pili alishuka kutoka kwenye benchi la sentimita 30. Nasema alishuka, sikusema aliruka: unanyosha mguu mmoja mbele, unajiachia, unatua kwa miguu yote miwili pamoja. Hapo magoti yakaingia ndani tena. Nikamrudisha kwenye tofali lililolazwa, kimo cha chini kabisa nilichokuwa nacho, akashuka vizuri mara tano mfululizo, ndipo nikampandisha tena benchi. Ilituchukua vipindi vitatu.

Wewe simama mbele yake, maana kwa ubavuni huwezi kuona magoti yakiingia ndani. Halafu tumia masikio. Sehemu ya mbele ya wayo igusane na ardhi kwanza, kisigino kifuate, kisha vifundo, magoti na nyonga vikunjike kwa pamoja. Mwili ukisimama polepole, nguvu ya ardhi inagawanyika katika muda mrefu zaidi na hakuna kiungo kimoja kinachoibeba peke yake. Kutua huko hakusikiki sana. Ukisikia "pa!" moja kavu, mtoto ametua kwa wayo bapa au kwa miguu iliyonyooka.

Mpaka upo pia upande wa pili. Mtoto akizama hadi makalio yakapita chini ya magoti, hawezi kujizuia, na kidevu chake kinaweza kugonga magoti yake mwenyewe. Mkao wa nusu kiti unatosha. Asiyeweza kubaki hapo kwa hesabu ya tatu bila kupiga hatua, hicho kimo bado si chake.

Mtoto akipoteza usawa huanguka nyuma na kutanguliza mikono. Mwaka jana mmoja wetu alivunjika mkono hivyo. Kuna namna ya kumfundisha kuanguka? (Kiunga)

Ipo, na ifundishwe kabla ya kubingirika. Naisisitiza kwa sababu miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilianza na kubingirika, nikidhani kuanguka hakufundishwi, na mtoto mmoja akaumia kiwiko mikononi mwangu.

Angalia kinachotokea. Mtoto anarudi nyuma, mkono unanyooka, kiwiko kinakaza, kiganja kinagonga chini na vidole vimeelekea nyuma. Uzito wote wa mwili unapanda kwenye mkono ambao hauna pa kukunjika. Ndiyo maana watoto huvunjika pale juu kidogo ya kiwiko, au karibu na kifundo cha mkono.

Anza na kuchuchumaa kwenye godoro. Mtoto ajikumbatie, kila mkono ushike bega la pili, aweke kipande cha leso kilichokunjwa kati ya kidevu na kifua. Akae chini karibu kabisa na visigino vyake, ajiviringishe nyuma kwa mgongo wa mviringo kama ngalawa inavyoyumba, kisha arudi. Leso ikidondoka, kidevu kimefunguka, na hapo ndipo kisogo hugonga chini. Watoto wanaipenda leso kwa sababu hawahitaji mwalimu awaambie wamekosea.

Akishazoea, afanye kutoka nusu kiti, kisha akiwa amesimama, kisha mwenzake amsukume kifuani kwa vidole viwili, taratibu. Msukumo huo ndio mtihani wenyewe. Mtoto anaweza kuanguka vizuri mara kumi akijua anaanguka, na mikono ikakimbilia nyuma mara ya kumi na moja pale asipojua. Mwache abaki kwenye hatua hiyo hadi mikono ikae kifuani bila kukumbushwa.

Kuanguka mbele ni kinyume chake: hapo mikono inatangulia, ila viwiko viwe laini, vikunjike mwili ukishuka, na uso ugeuzwe pembeni.

Na ikitokea ajali, mkono ukapinda au vidole vikafa ganzi au kuwa baridi, usiunyooshe. Uufunge ulivyo kwa leso na mto, umpeleke hospitali moja kwa moja.

Shule yetu haina magodoro. Mchanga wa pwani unafaa? (Shela)

Kwa kushuka na kutua, unafaa ukiwa mkavu, umelegea na umesawazishwa kwa reki. Pita kwanza kwa mikono mitupu ukitafuta makombe, vioo na miiba. Ule mchanga ulioachwa na maji kupwa, unaong'aa na kutembeleka bila mguu kuzama, ni mgumu mno, uuache. Baada ya kila watoto sita hivi usawazishe upya, kwa sababu shimo la mguu wa mtoto aliyetangulia ndilo linalompindua kifundo anayefuata.

Kwa kubingirika siushauri. Mchanga laini unameza mikono, mikono ikizama kichwa kinakuwa karibu na chini kuliko mtoto alivyokadiria, na uzito unaishia shingoni. Magodoro mawili yaliyoshikamana vizuri, yasiyoachana katikati, yanatosha darasa zima likipangwa kwa zamu.

Nikimsaidia mtoto kubingirika mbele, nimshike wapi? Nimeona wengine wanasukuma makalio. (Malindi)

Kusukuma makalio ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana unamsukumia mtoto uzito wake shingoni wakati mikono yake haijawa tayari. Kazi ya msaidizi ni kuulinda utosi usiguse chini. Mengine yote ni ziada.

Piga goti moja ubavuni mwake, mbele kidogo ya mahali mikono yake itakapowekwa. Mtoto achuchumae, viganja bapa upana wa mabega, kidevu kifuani, kisha ainue makalio hadi yapite juu ya kichwa. Mkono wako ulio karibu na kichwa uweke kisogoni, umwelekeze kichwa ndani, usikandamize. Mkono wa pili uweke nyuma ya paja lake, juu kidogo ya goti, uinue. Kuinua huko kunaubakisha uzito mikononi mwake mpaka mabega yaguse godoro. Mara yakigusa, mkono wa kisogoni unateremka hadi mgongoni kumsaidia kuinuka.

Viganja vyako vitakwambia kama yuko tayari. Mtoto aliye tayari ni mwepesi: unahisi paja likipanda lenyewe na wewe unalifuata tu. Ukijikuta umembeba, simamisha, umrudishe kwenye ngalawa ya mgongo na kwenye kuinua makalio huku mikono ikiwa chini, hata kama ni wiki nzima. Msaidizi mzuri anayembeba mtoto asiyeweza anamfundisha mtoto kwamba anaweza, na siku msaidizi hayupo ndiyo siku ya ajali.

Angalia pia godoro. Nywele zikiacha alama ya jasho au vumbi mahali palepale pa utosi, watoto wanabingirika juu ya kichwa. Wanafunzi wa gredi ya 5 wanaweza kumsaidia mwenzao kuanguka nyuma na kutua. Kisogo na paja nawaachia watu wazima, kwa sababu mtoto hawezi kusoma uzito wa mwenzake kwa wakati. Kama darasa lina watoto 45, vituo vingine viwe vya kutua na ngalawa, na wewe ubaki kwenye godoro moja la kubingirika.

Vijana wangu hupiga pindu gatini wakijirusha baharini, na sasa wanataka kupiga hata uwanjani. (Lamu)

Kataa. Maji yalikuwa yakiwasamehe. Aliyezunguka pungufu huingia kwa mgongo, anaumwa ngozi tu, anapanda tena gatini akicheka. Ardhini kosa lilelile linaishia kisogoni au shingoni. Tena baharini hakuna kutua, kwa hiyo kitu walichokizoea ni kuzunguka tu. Waanze na kushuka kutoka benchi kama wenzao, na mara nyingi utaona hawa wajasiri ndio wanaotua kwa kishindo zaidi.

Mimi ni mwalimu wa kiume. Wazazi hawataki niwaguse mabinti, na sitaki kuwaacha bila msaidizi. (Kisiwani Lamu)

Wazazi wana haki yao, na usalama wa mtoto haujadiliwi, kwa hiyo kazi ipangwe ili yote mawili yasimame. Mwite mwalimu wa kike au mama mmoja kutoka kamati ya wazazi, umfundishe sehemu mbili tu, kisogo na nyuma ya paja, na ajaribu kwako mwenyewe au kwa mwenzake mzima mara kadhaa kabla ya mtoto. Mabinti wafanye zamu yake, wewe simama mbele utoe maelekezo kwa sauti. Siku asipokuja, mabinti wafanye kutua na kuanguka, ambavyo havihitaji kushikwa, na kubingirika kusubiri. Usiwaache wabingirike peke yao kwa sababu mgeni hakufika.

Mavazi nayo. Suruali ndani ya gauni, na mtandio uvutwe kichwani kama kofia, ncha zake zichomekwe ndani ya nguo. Pini zote zitoke: pini chini ya kidevu kinachobanwa kifuani inachoma koo. Vikuku na pete zibaki kwenye kikapu mlangoni. Kabla ya somo la kwanza waite wazazi, uonyeshe kwa mwanao au kwa mwalimu mwenzako mkono unakaa wapi na kwa nini. Nilipofanya hivyo mama mmoja aliniuliza kama na yeye anaweza kujifunza kushika, na tangu siku hiyo ndiye anayesimama kwenye godoro la mabinti kila Jumatano.