Skripti ya piblisite ya sekonde 30 ya atelie ya kushona, Kadutu

«Yaya, niko na atelie ndogo Kadutu, nataka desine animé ya sekonde 30, nianze na jina ya atelie ama?»

Hapana ndugu, jina iache mpaka mwisho, mutu akiona jina kwanza anapitisha na kidole. Anza na shida yake.

Sekonde 0-4: mama anafungua sanduku, kitenge inaruka inje inalia. Sauti: «Ndoa ni siku ya posho, na mimi ningali tu kitambaa!»

Sekonde 5-20: metre inamuzunguka mama, mashini inakimbia, kitenge inageuka robe. «Tunakupima siku ya kwanza, siku ya tatu unajaribu, penye inabana tunalegeza, siku ya ine unabeba.» Ahadi ni hiyo moja tu, na kama kwako inachukua wiki, sema wiki, juu robe ikichelewa ndoa ule mama atakuharibia jina soko muzima.

Sekonde 21-30: mama anacheza. «Leta kitenge yako leo, Kadutu, pembeni ya soko.» Jina na namba ya simu zibakie kwa ekra sekonde 5 kamili, mutu apate kuandika.

Soma yote kwa sauti na kronometre, ikipita 27 kata maneno, usiongeze mbio. Na andika maneno chini, wengi wanaangalia bila sauti.