Kaya 400 zinatosha vipi kuusemea mji mzima?

Swali: Salaam aleikum, mwalimu. Asasi yetu hapa Tanga inataka kujua ni sehemu gani ya kaya za jiji zinapikia gesi. Mtaalamu tuliyemwomba ushauri ametuambia tuhoji kaya 400. Mwenyekiti wetu amekataa katakata. Anasema tukichukulia jiji lina kaya laki moja, 400 ni mzaha, na sampuli lazima iwe asilimia 10. Mtaani tulikoanzia tulihoji kaya 80 kati ya 800 na hakuna aliyelalamika. Tumsikilize nani?

Jibu: Wa aleikum salaam. Msikilizeni mtaalamu, ila kabla ya kuchapisha madodoso kuna swali moja la kumrudishia mwenyekiti. Nitalifikia.

Hiyo asilimia 10 nimekutana nayo tangu nianze kazi hii, kwenye tasnifu na kwenye vikao vya bajeti, na sijapata kuonyeshwa ilikotoka. Iwekeni kwenye mizani. Mtaani mlihoji kaya 80. Tuseme 32 zilisema zinapikia gesi, yaani asilimia 40. Kwa sampuli ya 80 kutoka kaya 800, kosa linafika takribani pointi 10 juu au chini, kwa hiyo ukweli wa mtaa ule unaweza kuwa popote kati ya 30 na 50. Sasa hesabuni jiji kwa kanuni hiyohiyo: kaya 10,000, na kosa linashuka chini ya pointi 1. Kanuni moja imewapunja mtaani, kisha inataka kuwafilisi mjini. Hakuna aliyelalamika mtaani kwa sababu hakuna aliyepima.

Mnunuzi wa mchele sokoni huchoma gunia kwa bambo, akamwaga punje kiganjani na kuzitazama. Ukimwonyesha lori zima badala ya gunia moja, hadai kiganja kikubwa zaidi. Anachodai ni kuchoma magunia tofauti, juu na chini, asije akauziwa mchele mzuri uliofunika chenga. Kiganja kile kinamtosha ikiwa punje zimepatikana bila upendeleo, na kwa lori kinafanya kazi ileile.

Kwa nini iwe hivyo? Mashaka yetu yote yapo kwa kaya ambazo hatujazihoji. Mtaa wa kaya 800 mkihoji 400, nusu ya mtaa mmeshaijua, hamuikisii tena. Mnakisia nusu iliyobaki tu, ndiyo maana kosa linashuka kutoka pointi 5, ambazo kaya 400 zingetoa kwenye mji mkubwa, hadi kama 3.5. Hapo ukubwa wa mtaa una uzito. Lakini mkihoji 400 kati ya laki moja, mmeona kaya 4 katika kila 1,000. Waliobaki ni karibu jiji zima. Mkihoji 400 katika mkoa wote wa Tanga, wenye watu zaidi ya milioni 2.6, waliobaki vilevile ni karibu wote. Kati ya "karibu wote" na "karibu wote" hakuna tofauti ya kuhesabu. Kinachobaki kuamua kosa ni idadi mliyoihoji, kama unavyorusha shilingi mara 400 kujua kama imepinda. Hakuna anayeuliza shilingi ile ina "idadi ya watu" wangapi.

Nadhani ile 400 imetoka kwenye kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambayo wanafunzi wetu wengi wanaikariri. Ukiweka idadi ya kaya kwenye kisanduku A2 cha Excel, na kosa la asilimia 5, inaandikwa hivi:

```
=A2/(1+A2*0.05^2)
```

Jaribuni wenyewe mbele ya mwenyekiti. Wekeni 800, itatoka 266.7, yaani kaya 267. Wekeni 100,000, itatoka 398.4, yaani kaya 399. Wekeni watu milioni 61.7, ambao ni Watanzania wote wa sensa ya 2022, haitavuka 400. Haiwezi kuvuka, kwa sababu dari lake ni 1 gawanya kwa mraba wa kosa, na 1 gawanya kwa 0.0025 ni 400. Kanuni hii imejengwa kwa uhakika wa takribani asilimia 95 na kwa hali mbaya kuliko zote, pale jibu lipo nusu kwa nusu. Inafaa maswali ya ndiyo na hapana kama hili lenu la gesi. Siku mkitaka wastani wa gharama ya mkaa kwa mwezi, msiilete.

Sasa swali la kumrudishia mwenyekiti: anataka namba moja ya jiji, au namba ya kila kata? Maana akisema anataka kulinganisha Chumbageni na Makorora na Pongwe, na kila kata isimame na kosa lake la pointi 5, basi kila kata ni zoezi linalojitegemea. Kaya laki moja kwa kata 27 ni kama 3,700 kila moja. Kanuni inatoa 361 kwa kata, mara 27 ni 9,747. Naam, karibu elfu 10 zile zile! Akisema hivyo atakuwa ameipata namba kwa sababu nyingine kabisa, na mtahitaji mfadhili mwingine. Wingi wa kaya haukuipandisha hesabu. Imepandishwa na majibu 27 badala ya moja.

Jambo la pili, ambalo mtaalamu wenu hakulitaja au ninyi hamkuniandikia. Hiyo 400 inadhani kila kaya imechaguliwa peke yake, popote jijini. Najua hamtafanya hivyo. Mtachagua mitaa, na kila mtaa mhoji kaya 20, kwa sababu ya nauli. Lakini majirani hufanana: duka la gesi likiwa kona moja, nyumba zote za kona ile hupikia gesi, na kaya ya ishirini haiwaelezi mengi ambayo za kwanza hazikusema. Kufanana huko kuna kipimo, na kikiwa 0.05, kiwango kidogo tu, sampuli inabidi izidishwe kwa 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Kaya 400 zinakuwa 780, ambazo ni mitaa 39 ya kaya 20. Mngehoji kaya 10 kila mtaa, kizidisho kingeshuka hadi 1.45 na mngehitaji 580, ila kwa mitaa 58. Pigeni hesabu ya nauli na posho za wadodosaji muone ipi ni rahisi.

Mitaa ichaguliwe kwa uzito wa idadi ya kaya zake, mtaa mkubwa uwe na nafasi kubwa, kisha kaya 20 zipigiwe kura kutoka orodha ya ofisi ya serikali ya mtaa, si kutoka kwa watu ambao mwenyekiti wa mtaa anawajua. Mdodosaji akikuta mlango umefungwa, arudi jioni, na kesho yake tena. Mimi ujanani nilikubali wadodosaji wangu waruke kwa jirani aliyekuwepo, na tukaishia na mji uliojaa watu wanaoshinda nyumbani mchana. Tulikuwa na dodoso zaidi ya 1,000, na zote zilituambia habari za watu wale wale.