Kilio kinachokuja baada ya miezi saba

Swali: Baba alifariki Februari. Mimi ndiye mkubwa, nikasimamia mazishi na khitma, nikakaa na mama kwenye eda, kisha nikafuatilia mirathi mpaka Agosti. Sikulia sana. Juzi dukani nikaona betri za redio, zile alizokuwa akinituma, nikaangua kilio mbele ya watu. Mbona sasa? Au nina ugonjwa?

Jibu: Pole sana, dada. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kumlilia aliyeondoka, na kuyaweka sawa maisha aliyoyaacha. Wewe ulibebeshwa ile ya pili. Wageni walihitaji kula, mama alihitaji mtu wa kumtoa upweke, karatasi za mirathi zilihitaji sahihi. Mama akatoka eda, Agosti mirathi ikaisha, nawe ukabaki bila shughuli ya kukushika. Huzuni ilikuwepo muda wote. Nafasi ndiyo iliyokosekana.

Kuhusu betri: kujua kwamba baba amezikwa ni jambo moja, na mazoea ya miaka mingi ni jambo jingine. Kila mahali ulipozoea kumtumikia, akili bado inamtarajia, na haiachi matarajio hayo mpaka ipite pale pale na kumkosa. Makaburini ulikwenda ukiwa umejiandaa. Pale dukani, kabla hujawaza lolote, ulishataka kumnunulia. Ndiyo maana kishindo chake kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya mazishi.

Wimbi la namna hii hupanda kwa ghafla, kisha hushuka, nawe ukaweza kupika, kufanya kazi, hata kucheka. Kwa hiyo usilikwepe duka hilo. Ukilikwepa, hofu itahamia na kwenye redio yenyewe, halafu kwenye chumba chake. Nenda tena, hata na mdogo wako, na mkirudi mzungumzieni baba kwa jina. Februari ijayo, mwaka utakapotimia, tarajia wimbi jingine. Siku hiyo usiwe peke yako.

Ninachokitazama zaidi ni kama wimbi linashuka. Shirika la Afya Duniani huhesabu huzuni kuwa maradhi pale ambapo hamu kali ya marehemu, au kumuwaza bila kukoma, imeendelea kwa angalau miezi 6, imepita kiasi cha desturi za jamii yake, na imemvurugia mtu kazi, nyumba au ibada. Madaktari wa akili wa Marekani kwa mtu mzima husubiri miezi 12. Kulia dukani mara moja hakufiki huko. Lakini ikiwa kila siku inapita hivyo, huwezi kabisa kuamini kwamba amekufa, au unawaza kumfuata, usingoje tarehe yoyote: nenda hospitali leo, uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.