Wastani wa ukuaji wa mauzo: 25% au 22.7%?

"Duka langu liliuza milioni 10 mwaka 2021, kisha mauzo yakapanda 5%, 60% na 10%. Nimejumlisha nikagawa kwa 3, nikapata 25%. Mbona haigongi na daftari?"

Kwa sababu kila asilimia inakaa juu ya mauzo ya mwaka uliotangulia, sio juu ya ile milioni 10. Jumlisha kila asilimia na 1, kisha zidisha: 1.05 × 1.6 × 1.1 = 1.848, yaani 2024 uliuza milioni 18.48. Sasa tafuta kipeuo cha tatu cha 1.848, utapata 1.227. Wastani wako ni 22.7% kwa mwaka. Ukishikilia 25% unafika milioni 19.53, zaidi ya milioni moja hewa. Kwenye Excel:

```
=(1.05*1.6*1.1)^(1/3)-1
```

Angalia hapo kwenye 3: una miaka minne ya mauzo lakini mipando mitatu. Wengi huteleza hapo.

— Mi nimezidisha 5 × 60 × 10 nikatoa kipeuo, imekuja 14.4%.

Kipeuo sawa, ila umesahau ile 1, mkuu: 5% ni 1.05, sio 5. Kwa 14.4% hufiki hata milioni 15.

— Mimi mwaka mmoja yalishuka 20%. Naweka -20?

Weka 0.8, dada.

— Lakini ule mwaka wa 60% ulikuwa wa bahati tu. Benki ukiwapa 22.7% si unawadanganya?

Hapo hesabu haikusaidii. Mimi ningewaonyesha miaka yote mitatu.