Mkia uliokunjuliwa unavyomfanya mwewe aonekane tai

Nilipiga picha ya ndege wa kahawia karibu na Voi, upande wa Tsavo Mashariki, nikaiandikia "Tai wa Wahlberg". Mkia wake haukuwa na panda hata kidogo, nami nilishajua kwamba mwewe hutambulika kwa mkia wenye panda. Baadaye nilifungua picha nyingine nne za mfululizo uleule. Katika ya tatu alikuwa ameufumba mkia, na panda ikaonekana waziwazi. Alikuwa mwewe mdomo-njano.

Mwewe anapozunguka polepole hukunjua mkia kama kipepeo cha mkaa. Ukikunjuka hivyo, panda hupotea na ukingo wa nyuma hunyooka. Kwa hiyo usimhukumu kwa picha moja. Shikilia kitufe cha kamera upate picha kadhaa, halafu tafuta ile ambayo mkia umefumbwa. Utazame pia kama umelala upande. Mwewe huuzungusha mkia huku na huku kama usukani, na mara nyingi picha humnasa mkia umepinda ilhali mwili umetulia.

Kama huna picha ya mkia uliofumbwa, nenda kwenye mabawa. Ya mwewe hupinda kwenye kifundo, ncha zikaelekea nyuma kidogo, na akielea huyainamisha chini kama upinde. Tai wa Wahlberg, ambaye kwa ukubwa hawapitani sana, huyanyoosha bapa. Kingo za mbele na za nyuma za bawa lake huenda karibu sambamba, na mkia wake mrefu mwembamba kwa kawaida huwa umefumbwa. Kwa chini anaonekana kama msalaba wa mbao mbili zilizonyooka. Siku hizi mimi huweka rula juu ya skrini, kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Kwa mwewe rula huacha pengo pale kwenye kifundo.

Tai pungu ana mtego wake. Aliyekomaa ana mkia mfupi mno, hata miguu huchomoza nyuma yake, na mabawa yake ni membamba karibu na mwili, yakapanuka katikati, yakachongoka tena nchani. Huyainua juu kama herufi V na kuyumba kushoto na kulia bila kupiga bawa. Lakini ukimpiga akiwa juu ya kichwa chako kabisa, ile V haionekani. Msubiri aje kwa mbele au aende zake, ndipo upige. Kinda wake ni wa kahawia na mkia wake ni mrefu zaidi, kwa hiyo kwake ule mkia mfupi hautakusaidia. Shika umbo la bawa na ile V.

Na kama mbingu ni nyeupe, ongeza mwanga wa kamera kwa hatua moja, +1. Bila hivyo ndege hubaki kivuli cheusi, na panda isiyo ya kina humezwa na weusi huo.