Kuandika barua ya kuomba saa za kliniki ya wajawazito kazini

Mfanyakazi mpya anapopata ujauzito, barua yake ya kwanza kwa meneja mara nyingi huwa na ombi la mstari mmoja: "Naomba ruhusa ya kwenda kliniki kila inapobidi." Nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua jinsi maneno hayo yanavyosomwa upande wa pili wa meza. Meneja haoni kliniki. Anaona miezi mingi ya kutokuwepo ambayo hawezi kuipangia mtu, na kwa kuwa hawezi kuipanga, hujibu kwamba atalitazama suala hilo baadaye. Ninawaandikia ninyi mlioanza kazi karibuni ili barua yenu imwondolee meneja hofu hiyo mapema, kwa kumwonyesha ni asubuhi zipi hasa mtakazokosekana na kazi itakavyoendelea.

Kwanza mjue sheria inaishia wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 33, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha baada ya kurudi kazini. Kifungu hicho hakipangi saa za kuhudhuria kliniki kabla ya kujifungua. Kwa hiyo barua hii ni ombi linalohitaji makubaliano, na ndiyo maana hoja zake zinapaswa kuwa za wazi. Wakati huohuo sheria hiyo inakataza kumbagua mwajiriwa kwa sababu ya ujauzito, na kumwachisha kazi kwa sababu hiyo si halali, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha hali yako wala kuiandikia kwa kunyenyekea kupita kiasi.

Sasa tuhesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane: la kwanza kabla ya kumaliza wiki ya 12, kisha wiki za 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Meneja akisikia neno "manane" huingiwa na wasiwasi, lakini matatu ya mwisho yanaweza yasiguse kazi kabisa, kwa sababu sheria inaruhusu likizo ya uzazi kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya makisio, yaani wiki ya 36.

Tuchukue mfano wa karani wa ghala anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na mapumziko ya chakula kuanzia saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa 2 Februari 2026, hivyo makisio ya kujifungua ni 9 Novemba 2026. Hudhurio la kwanza alilimaliza mwishoni mwa Aprili. Wiki ya 20 itaangukia 22 Juni, ya 26 itaangukia 3 Agosti, ya 30 itaangukia 31 Agosti, na ya 34 itaangukia 28 Septemba. Wiki ya 36 itaangukia 12 Oktoba, na akichagua kuanza likizo siku hiyo, mahudhurio yanayofuata yatakuwa ndani ya likizo. Zimebaki asubuhi nne tu katika miezi mitano. Hesabu hiyo, ikiandikwa waziwazi, hubadilisha mazungumzo yote, na ninashangaa kila mara jinsi inavyosahaulika.

Angalia sasa tarehe 31 Agosti. Ni mwisho wa mwezi, na ghala hilo huhesabu bidhaa siku hiyo. Tarehe ya kurudi huandikwa na muuguzi kwenye kadi, na mara nyingi huwa na nafasi ya kusogezwa kwa siku chache ikiwa ujauzito hauna tatizo, lakini ni lazima umwombe kabla hajaandika. Mwambie pia sababu, kwa kuwa kuna mambo yanayozuia kusogeza ovyo. Dozi za SP za kuzuia malaria, kwa mfano, hutolewa zikiwa zimeachana takriban mwezi mmoja. Karani wetu akiwahisha hudhurio hilo hadi Ijumaa ya 28 Agosti, zitakuwa zimepita siku 25 tu tangu 3 Agosti, na anaweza kurudi nyumbani bila dozi. Akilichelewesha hadi Jumatano ya 2 Septemba, siku zinakuwa 30. Hapo linalofuata nalo linahitaji kusogea kutoka 28 Septemba hadi 2 Oktoba, ili nafasi ya dozi ibaki. Anayeamua ni muuguzi. Kazi yako ni kumpelekea mgongano wa ratiba mapema. Anayeambiwa ana presha, upungufu wa damu au mapacha hatakiwi kusogeza tarehe kwa ajili ya hesabu ya ghala, na huenda akapangiwa mahudhurio ya karibu zaidi. Huyo aandike barua nyingine yenye ratiba mpya.

Baada ya tarehe huja saa. Usiombe "asubuhi" tu. Kliniki nyingi za umma huanza na foleni na elimu ya afya kwa pamoja, ndipo zifuate uzito, presha, mkojo na kipimo cha mimba tumboni. Hudhurio la kwanza huwa refu kuliko yanayofuata kwa sababu ya vipimo vingi vya damu, kwa hiyo usilitumie peke yake kama kipimo. Waulize wauguzi hudhurio la kawaida humalizika saa ngapi, kisha uongeze muda wa daladala. Tuseme karani ameona kwamba anaweza kufika kazini saa 7:00 mchana. Akifanya kazi tangu hapo hadi saa 11:00 jioni bila mapumziko ya chakula, anakuwa amefanya saa nne badala ya nane. Saa nne zilizopungua anaweza kuzifidia kwa kuongeza saa moja katika siku nne nyingine za wiki hiyo. Kila siku inakuwa ya saa tisa, ambacho ndicho kiwango cha juu cha saa za kawaida kwa siku kisheria, na jumla ya wiki inabaki saa 40, chini ya kikomo cha saa 45.

Kufidia huko ni pendekezo, si sharti, na asiye na nguvu ya saa tisa asiahidi. Anaweza kupendekeza nusu saa kwa siku nane, au kuomba moja kwa moja kwamba saa hizo zisifidiwe, jambo ambalo baadhi ya waajiri hukubali bila shida. Ninachosisitiza ni kwamba pendekezo liwe ndani ya barua, kwa sababu ukiliacha wazi, mtu wa mishahara atalijaza kwa njia iliyo rahisi kwake: atakata siku nzima kwenye likizo yako ya mwaka, au ataiandika kuwa likizo ya ugonjwa. Hudhurio la kawaida si ugonjwa, na siku za ugonjwa utazihitaji ukiugua kweli.

Barua ya karani huyo inaweza kusomeka hivi:

Karani wa Ghala,
11 Mei 2026.

Meneja wa Ghala.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA SAA ZA KAZI SIKU ZA KLINIKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninapenda kukujulisha kuwa mimi ni mjamzito, na makisio ya kujifungua ni tarehe 9 Novemba 2026. Hudhurio langu lijalo la kliniki ni tarehe 22 Juni 2026. Mengine ninayoyatarajia kabla ya likizo ya uzazi ni tarehe 3 Agosti, 2 Septemba na 2 Oktoba. Nitakuthibitishia kila tarehe mara itakapoandikwa kwenye kadi. Tarehe ya Septemba nimeipendekeza ili isigongane na hesabu ya bidhaa ya mwisho wa mwezi.

Ninaomba siku hizo nne niripoti kazini saa 7:00 mchana na kufanya kazi hadi saa 11:00 jioni. Saa nne zitakazopungua nitazifidia kwa kubaki hadi saa 12:00 jioni katika siku nne nyingine za wiki husika. Nimezungumza na karani mwenzangu, naye amekubali kupokea mizigo ya asubuhi. Hati za siku hizo nitazikamilisha nikifika mchana. Kwa utaratibu huu, ninaomba saa hizo zisikatwe kwenye mshahara wala kwenye likizo ya mwaka.

Endapo kutatokea dharura ya kiafya, nitakwenda hospitali mara moja na kutoa taarifa kwa simu.

Ninaomba jibu lako kwa maandishi kabla ya tarehe 29 Mei 2026.

Wako katika kazi,
(Saini na jina)

Nakala: Afisa Rasilimali Watu.

Sentensi ya dharura ni fupi lakini msiiache. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au anayehisi mtoto amepunguza kucheza hatakiwi kuwaza kama amepewa ruhusa. Ikiwa jambo hilo limeandikwa tangu mwanzo, msimamizi wa siku hiyo hatalichanganya na ruhusa ya kawaida.

Kuhusu viambatisho nina msimamo mkali kidogo. Usiambatishe nakala ya kadi nzima ya kliniki. Kadi hiyo hubeba majibu ya vipimo, kikiwamo cha virusi vya Ukimwi na cha kaswende, pamoja na historia ya mimba zilizopita, na nakala ikishaingia kwenye faili la ofisi husomwa na kila anayelifungua. Meneja anahitaji tarehe tu. Omba kliniki ikuandikie barua fupi ya uthibitisho, au onyesha mahali palipoandikwa tarehe ya kurudi bila kuiacha kadi mezani kwake.

Meneja akikubali kwa mdomo, mtumie ujumbe siku hiyohiyo unaotaja tarehe na saa mlizokubaliana, ukimwomba athibitishe. Akikataa, muulize ni tarehe ipi inayomkwaza, kwa maana mara nyingi ni moja tu. Akikataa zote, peleka nakala yako kwa afisa rasilimali watu au kwa tawi la chama cha wafanyakazi. Wenye zamu za usiku waangalie jambo la ziada: sheria hairuhusu mjamzito kupangiwa kazi kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi katika miezi miwili kabla ya makisio, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari.

Barua hii haichukui nafasi ya taarifa ya likizo ya uzazi, ambayo sheria inataka itolewe angalau miezi mitatu kabla ya makisio, ikiambatana na cheti cha kitabibu. Kwa karani wetu mwisho ni 9 Agosti, ambayo ni Jumapili. Akikiomba cheti hicho katika hudhurio la Jumatatu ya 3 Agosti, atakuwa na siku nne za kazi baada ya hapo za kuifikisha taarifa yake ofisini.